Vituo ndani ya kipindi kimoja, darasa la pili watoto 81, nimefeli mara mbili. Aliyefanikiwa anipe siri

Mawese_Mabichi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili huku Kigoma vijijini, nafundisha kusoma na kuandika. Nina watoto 81 kwenye chumba kimoja, madawati 27, kila dawati watoto watatu, hapo ndio nimejitahidi kuomba mengine kwa jirani. Ratiba yangu ina vipindi viwili vya dakika 30 vinafuatana, kwa hiyo nina saa nzima mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumanne na Alhamisi.

Shida yangu ni hii, nikisimama mbele nikafundisha wote kwa pamoja wanaitikia vizuri sana, KA KE KI KO KU mpaka bati linatikisika, ila nikimsimamisha mmoja mmoja nakuta kama nusu hawajui wanachoitikia, wanafuata sauti ya wenzao tu. Nikasikia kwenye mafunzo kwamba unaweza kugawa darasa kwa vituo, kila kundi linafanya kazi yake halafu wanapokezana, na wewe unakaa na kundi moja unawasikiliza vizuri. Nikapenda. Nikaenda nikajaribu.

Mara ya kwanza niliweka vituo vinne, makundi manne, kila kundi kama watoto 20. Kituo cha kadi waligombania kadi hadi mbili zikachanika, kituo cha kuandika walikuwa wananifuata "mwalimu nimemaliza" kila sekunde, na mimi kituo changu nikawa na watoto 20 ambao siwezi kuwasikiliza kitu. Kuhama kutoka kituo kimoja kwenda kingine kulikula dakika saba kwa saa yangu. Mara ya pili nikapunguza nikaweka vituo vitatu, ikawa mbaya zaidi maana makundi yakawa ya watoto 27. Mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia akafikiri sipo.

Sasa naomba mtu ambaye amefanya hii kitu kwenye darasa LETU, sio darasa la watoto 25 wa picha za kwenye vitabu. Inawezekana au niache?

---

Mgebuka_Mkavu

Dada mimi pia nataka kuhama kituo, nipo Kaliua sekondari, masomo ya sanaa, natafuta wa kubadilishana naye aliyepo Kigoma mjini au Ujiji, hata Uvinza poa tu nipo tayari. Mazingira ya huku mazuri, nyumba ya mwalimu ipo, asali kama yote. Aliye tayari aje inboksi.

---

Mawese_Mabichi

@Mgebuka_Mkavu 😂😂 kaka soma uzi kwanza. Vituo vya ndani ya darasa hivi, watoto ndio wanahama sio mimi.

---

Mgebuka_Mkavu

Aaa sawa nimesoma kichwa cha habari tu. Ila ofa ipo palepale.

---

Kona_ya_Awali

Mwalimu pole ila hii mbona rahisi, sisi elimu ya awali tunafanya kila siku. Unaweka kona zako, kona ya vitabu, kona ya hesabu, kona ya maigizo, mtoto anaenda kona anayoipenda akichoka anaenda nyingine. Wewe unazunguka unaangalia. Tatizo lako unawabana sana, waache huru.

---

Chaki_Vumbi

Mwangaluka wote. Nipo Urambo, nafundisha madarasa ya chini mwaka wa 22 huu.

@Kona_ya_Awali una ukweli nusu. Kona za awali ni kitu kizuri ila siyo anachouliza mwenzetu. Kona mtoto anachagua na anakaa anavyotaka, na kona nyingi zinabaki pale muhula mzima. Hiki anachotaka yeye kina zamu na muda, kila mtoto lazima apite kila kazi, na shabaha ya yote hiyo ni mwalimu apate dakika za kukaa na watoto wachache. Akiwaachia wachague, yule asiyejua kusoma hatakuja kukaa na mwalimu hata siku moja, atakuwa kwenye maigizo hadi mwaka unaisha.

Sasa kwako mwalimu wa Kigoma. Kosa lako lipo kwenye hesabu tu. Wewe ulianza na idadi ya vituo halafu ukagawa watoto. Anza na swali jingine, NAWEZA KUWASIKILIZA WATOTO WANGAPI KWA WAKATI MMOJA? Mimi jibu langu ni nane, tisa nikijibana. Kwa hiyo kundi ni watoto tisa, 81 gawa kwa 9 unapata makundi tisa, na bahati yako nzuri watoto tisa ni madawati matatu kamili, hakuna kupasua dawati.

Utasema makundi tisa ndiyo vituo tisa? Hapana. Kazi ni tatu tu. Unagawa darasa mitaa mitatu, kila mtaa una makundi matatu, na kila mtaa una kazi zilezile tatu, kwa maana unatengeneza seti tatu za kila kitu. Mtaa wa dirishani, mtaa wa katikati, mtaa wa mlangoni. Watoto wa mtaa wa dirishani hawana biashara na mtaa wa mlangoni kabisa.

Na wewe kwa siku moja unahudumia mtaa MMOJA. Jumatatu dirishani, Jumanne katikati, Alhamisi mlangoni. Kila mtoto anakaa na wewe mara moja kwa wiki kwenye kundi la watu tisa. Inaonekana kidogo ila jiulize sasa hivi mtoto mmoja mmoja unamsikiliza mara ngapi kwa wiki.

---

Mawese_Mabichi

@Chaki_Vumbi shikamoo mwalimu. Aisee hapa kwenye mitaa umenifungua macho maana mimi nilijua lazima makundi yote yapite kwangu ndani ya saa ile ile, ndio maana nilikuwa nalazimisha makundi manne.

Maswali yangu mawili. Moja, chumba chenyewe hakina nafasi, wakianza kutembea wanakanyagana. Mbili, hao ambao siko nao siku mbili zote, si watakuwa wanacheza?

---

Chaki_Vumbi

Marhaba.

La kwanza, nani kakwambia watoto ndio wahame? Yahame maboksi. Kila kazi ina boksi lake la viatu, muda ukiisha kiranja wa kundi anasimama peke yake anapeleka boksi kundi linalofuata ndani ya mtaa wake. Kwenye chumba chako wanaosimama ni viranja tisa badala ya watoto 81. Wanaohama miili ni wale tisa wanaokuja kwangu mkekani, basi. Mkeka wangu unakaa mbele, na mimi nakaa kwenye kigoda mgongo ukutani uso darasani, usijekukaa umelipa darasa mgongo, hata dakika mbili usithubutu.

Muda mimi nauweka hivi kwenye saa yako moja. Dakika 8 za mwanzo wote pamoja, unaonyesha kazi ya leo kwenye kila boksi. Halafu zamu tatu za dakika 14, katikati dakika 2 za kuhamisha mara mbili, na dakika 6 za mwisho kukusanya na kuangalia. Jumlisha mwenyewe inafika 60. Ukitaka zamu nne haitoshi, utaminya dakika za mwanzo na za mwisho, na hizo ndizo zinazofanya katikati paende.

La pili ndiyo shina la mambo yote. Boksi lisiwe na kitu kipya HATA SIKU MOJA. Kipya kinafundishwa na wewe, mbele au mkekani. Kwenye boksi kinaingia kitu ambacho mtoto amekwisha kukifanya na wewe akajua kinafanywaje, sasa anakizoea. Ukiweka kipya unatengeneza foleni ya watoto 72 kwenye kigoda chako.

---

Baba_Wawili_Kasulu

Mimi ni mzazi sio mwalimu. Samahanini nikiuliza vibaya. Kwa hiyo kama mwanangu yupo mtaa wa mlangoni, Jumatatu na Jumanne hafundishwi? Maana tunaambiwa watoto wetu hawajui kusoma halafu mnasema mwalimu akae na tisa wengine wachezee maboksi. Zamani tulikuwa 100 darasani mwalimu mmoja na tulisoma.

---

Mwl_Kibao

Zamani tulisoma wewe na mimi tulioishia kuandika humu. Wale 60 wengine hawapo kwenye huu uzi kujibu.

---

Mawese_Mabichi

@Baba_Wawili_Kasulu swali lako sio baya baba, hata mimi linanisumbua. Ila ukweli ni kwamba hata hizo siku nikiwa mbele nafundisha wote, mwanao anaitikia tu. Hapo ndipo nilipo.

---

Fizikia_Kavu

Mimi nipo sekondari wilaya ya Nzega, fizikia kidato cha pili, nachangia yangu yaliyonikuta labda itasaidia. Mimi vituo nilivianza kwa umaskini wa vifaa, mizani ya maabara ninayo moja, silinda ya kupimia mbili, sasa wanafunzi 60 wote wapime masi kwa mizani moja haiwezekani. Nikaweka meza tano, kila meza jaribio lake, dakika 80 za vipindi viwili.

Kilichoniua ni mpangilio. Meza ya kwanza pima masi ya jiwe, meza ya pili pima ujazo kwa kulizamisha kwenye maji, meza ya tatu kokotoa densiti kutokana na ulichopata meza ya kwanza na ya pili. Nikapiga kengele, makundi yakakaa kila moja kwenye meza yake, na kundi lililoanzia meza ya tatu likakaa linaniangalia. "Mwalimu tunakokotoa nini?" Hawana masi, hawana ujazo. Nilipandisha jasho nikawaambia wakope namba za kundi la jirani ambalo lenyewe lilikuwa ndio kwanza linatafuta sifuri ya mizani.

Siku hizi kila meza inajitegemea. Meza ya densiti ina jiwe, ina mizani, ina silinda, kila kitu hapo hapo. Meza nyingine ni pendulamu, uzi wa mita moja na kokoto, wanahesabu mizunguko 20 kwa saa ya simu yangu, wakifanya vizuri wanapata karibu sekunde 2 kwa mzunguko mmoja. Anayeanzia popote anaweza kumaliza.

---

Chaki_Vumbi

@Fizikia_Kavu hilo hata huku chini linatokea. Nilishawahi kuweka boksi la "andika maneno uliyounda kwenye kadi". Makundi yanayoanzia kwenye kuandika yalikuwa hayajagusa kadi. Ni jambo dogo ila utalijua siku limekukuta.

---

Mwl_Kibao

Mimi nina neno tofauti na mzee Chaki. Hamjasema makundi yanapangwaje. Mimi napanga kwa uwezo, wanaokwama kwenye silabi peke yao, wanaosoma maneno peke yao, wanaosoma sentensi peke yao. Vinginevyo unapokaa mkekani na watoto tisa mmoja hajui "ba" na mwenzake anasoma hadithi, utafundisha nini hapo? Utarudi kule kule kwa kuitikia.

---

Chaki_Vumbi

@Mwl_Kibao mkekani uko sahihi mia kwa mia. Lakini kwenye maboksi je? Kundi la wasiojua silabi peke yao kwenye boksi la kusoma, nani anamsaidia nani? Nilifanya hivyo miaka mingi, lile kundi ndilo lililokuwa likipiga kelele kuliko yote, nikawa nawagombeza kumbe hawana wa kumuuliza. Na watoto wanajua, hata ukiwaita Tembo na Simba wanajua nani ni wajinga wa darasa, samahani kwa neno.

Mimi sasa nachanganya kwenye dawati, kila dawati watatu mmoja awe anajua kidogo. Mkekani naishi na huo mchanganyiko, mmoja namsomesha silabi mwingine sentensi.

---

Mwl_Kibao

Sawa, ila unapoteza zile dakika 14. Mimi kwa kundi la uwezo mmoja nafundisha kitu kimoja wote tisa wanapata. Wewe unafundisha vitu vitatu kila mmoja anapata theluthi. Na hao wanaojua kidogo kwenye dawati wanageuka walimu bila mshahara, wanafanya kazi ya wenzao yote. Mzazi wa mtoto anayejua akija kuniuliza mwanangu amejifunza nini leo, nimwambie amefundisha?

---

Chaki_Vumbi

Hilo la mwisho sina jibu zuri, nakubali.

---

Mawese_Mabichi

Jamani msigombane wazee wangu 😅 Nimeamua nitaanza na mchanganyiko kwa sababu ya kelele, nikiona mkekani haiendi nitabadili. Naomba mniambie ndani ya boksi niweke nini hasa, na mkekani nafanyaje na tisa kwa dakika 14.

---

Chaki_Vumbi

Naandika ndefu nisamehe, umeme umerudi.

BOKSI LA KADI. Kata maboksi magumu ya sabuni au ya biskuti, vipande vya ukubwa wa boksi la kiberiti kubwa, andika silabi kwa maka peni. Furushi moja kadi 24, furushi moja kwa dawati moja. Kundi lina madawati matatu, mitaa mitatu, maana yake mafurushi 9, kadi 216. Kata kidogo kidogo jioni, usijiue. La muhimu nyuma ya kila kadi weka alama ya furushi lake, nyota, msalaba, duara, tofauti kwa kila furushi, kwa sababu kadi itaanguka chini na usipojua imetoka wapi baada ya wiki mbili una mafurushi yasiyo na "ma". Kabla ya boksi kuhama dawati linahesabu 24. Kazi yenyewe ni kuunda maneno kadiri wanavyoweza na kuyasoma. Kazi ya aina hii haina "nimemaliza", neno jingine lipo siku zote, ndiyo maana naipenda.

BOKSI LA KUANDIKA. Picha tano, nazichora mwenyewe vibaya vibaya au nakata kwenye kalenda za zamani. Samaki, jembe, kuku, mtumbwi, chungu. Anaandika neno chini anatunga sentensi. Aliyemaliza zote tano anachagua moja anaandika sentensi nyingine ndefu zaidi, wote wanajua hivyo, hakuna kuja kwangu kuuliza "nifanye nini sasa".

BOKSI LA KUSOMA. Kitabu kimoja kwa dawati, watoto watatu. Mmoja anasoma, wa pili anapitisha kidole, wa tatu anasikiliza akisikia kosa anagonga dawati mara moja. Wanapokezana kila ukurasa. Kwa mtaa wa siku hiyo boksi hili halipo, mahali pake ndipo pa mkeka.

MKEKANI. Usisomeshe mmoja huku wanane wanatazama juu, hapo umerudisha darasa zima kwa udogo. Wote tisa wanasoma kwa pamoja KWA KUNONG'ONA, kila mmoja kwa mwendo wake, na wewe unainamisha sikio kwa mmoja kama dakika moja, unaandika kwenye daftari lako, unahamia kwa wa pili. Dakika 9 zimeisha umewasikia wote. Zilizobaki tano unachukua kosa moja ulilolisikia kwa wengi unalifundisha hapo hapo. Kosa moja tu.

Na wiki ya kwanza yote usikae mkekani. Zungusha maboksi tu, wewe unatembea. Wafundishe kuhama, kuhesabu kadi, kunong'ona. Wewe mara zote mbili ulianza na mkeka siku ya kwanza.

---

Kona_ya_Awali

Na sheria ya "uliza wenzako watatu ndio uje kwa mwalimu" inasaidia sana, hata sisi tunaitumia.

---

Chaki_Vumbi

Kweli. Dawati ni watatu, kwa hiyo kwake iwe uliza dawati lako halafu kiranja. Mkekani kwangu anakuja anayetoka damu au anayetaka kutapika.

---

Mawese_Mabichi

Nimerudi wakuu, ni wiki ya tatu sasa nimeona nilete mrejesho.

Wiki ya kwanza nilifanya kama mzee Chaki alivyosema, kuzungusha maboksi tu. Siku ya kwanza kuhama kulichukua dakika kama tano, kiranja wa mtaa wa katikati alipeleka boksi mtaa wa dirishani wakagombana. Nikabandika vizibo vya soda kwenye maboksi, vyekundu mtaa huu, bluu mtaa ule, kijani ule. Tukatunga kawimbo ketu kafupi ka dagaa na mtumbwi, wimbo ukiisha boksi liwe limefika na mikono ipo mezani. Hadi Alhamisi tulikuwa tunahama ndani ya wimbo mmoja na nusu.

Wiki ya pili nikakaa mkekani. Nataka niwasimulie mtoto mmoja. Ni mtoto ambaye miezi yote nimemhesabu anajua kusoma, darasani anaitikia kwa sauti kubwa, daftari safi. Nimeinamisha sikio kwake anasoma ukurasa wote vizuri kabisa, lakini nikaona macho yake yako dirishani anaangalia mbuzi. Nikafunika mstari kwa kiganja changu, akaendelea kusoma kama hakuna kilichotokea. Ameukariri ukurasa wote! Nikachukua kadi nikaandika maneno yale yale ya ukurasa ule, nikayapanga vingine. Alinyamaza. Akasoma "na" peke yake. Nilijisikia vibaya sana siku ile, kwa sababu kama si mkeka angefika la tatu hivyo hivyo.

Jambo la pili lililonishtua ni L na R. Nilijua watoto wetu wanachanganya, wengi nyumbani wanaongea Kiha, ila sikujua ni wengi hivyo. Kwenye daftari langu la mkekani wiki moja nimeandika watoto 34 kati ya 81 wanaosoma "kalamu" wakasema karamu, na wanaandika hivyo hivyo. Kwa hiyo dakika tano za mwisho mkekani nafanya kadi mbili, kalamu na karamu, kula na kura, nasema moja wanaonyesha kadi. Kwanza wasikie ndipo wasome.

Kilichogoma. Kusoma watatu watatu hakuendi vizuri, yule wa kugonga dawati anagonga kila neno hata la sahihi, kelele za kugonga zikawa nyingi kuliko za kusoma. Nimebadilisha, anainua kidole tu. Na mvua ikinyesha hakuna kituo wala nini, bati linapiga kelele hata mkekani simsikii wa pembeni yangu.

---

Baba_Wawili_Kasulu

Mwalimu hilo la kukariri ukurasa limenifanya nimuite wangu jana usiku nikafunika kwa kiganja. Sitasema matokeo. Naomba unieleze hizo kadi zinakatwaje.

---

Chaki_Vumbi

Siku za mvua mimi mkeka nautoa, wote wanaandika, mimi natembea nasahihisha. Usilazimishe.

Ila nikuulize, hao wa mitaa miwili usiyokaa nayo, unajuaje wamefanya kazi?

---

Mawese_Mabichi

Mwanzo nilikuwa nakusanya madaftari yote 81, nikashindwa, nilikuwa nalala saa sita usiku. Sasa zile dakika 6 za mwisho nachukua daftari moja kila kundi, tisa tu, mtoto nisiyemtaja mapema, nasoma hapo hapo mbele yao. Na kadi, dawati moja linasoma maneno matatu lililounda. Wiki iliyopita kundi moja la mlangoni daftari lilikuwa na mchoro wa samaki mzuri sana na hakuna neno hata moja. Dakika 14 zote kachora magamba. Nikajua kumbe picha zangu ni tamu kuliko kazi, sasa nimeandika kwenye boksi HAKUNA KUCHORA.

---

Mwl_Kibao

Na mchanganyiko mkekani unaendaje? Sema ukweli.

---

Mawese_Mabichi

Ukweli? Kwenye maboksi uko vizuri, kelele zimepungua. Mkekani wewe ulisema kweli. Wanaosoma sentensi wanamaliza ukurasa mimi bado niko kwa mtoto wa pili, wanaanza kusukumana. Nafikiria Jumatatu na Jumanne makundi yabaki yalivyo, halafu Alhamisi niite mkekani wale 12 ambao bado wako kwenye silabi kutoka mitaa yote. Ila hapo mtaa wa mlangoni watakosa zamu yao ya wiki.

---

Mwl_Kibao

Wazungushe. Wiki hii mlangoni wakose, wiki ijayo dirishani.

---

Chaki_Vumbi

Hapo kila mtaa unakuona mara mbili kwa wiki tatu, na 12 ni wengi, nilishasema kundi ni tisa. Mimi ningetafuta dakika 15 nyingine nje ya saa hii, hata kabla ya uji, niwachukue sita sita. Lakini darasa ni lako.

---

Mawese_Mabichi

Uji haupo shuleni kwetu mwalimu 😅 Nitajaribu ya Kibao wiki mbili, nikiona mtaa unaokosa unarudi nyuma nitaacha. Swali jingine, mthibiti ubora anakuja mwezi ujao, kwenye andalio la somo naandikaje hii? Fomu ina safu moja ya shughuli za mwalimu na moja ya shughuli za mwanafunzi, na mimi nina kazi nne kwa wakati mmoja.

---

Fizikia_Kavu

Mimi hatua ya kujenga umahiri naigawa zamu ya 1, ya 2, ya 3, na kila zamu kwenye safu ya mwanafunzi naandika "kundi A hivi, kundi B hivi". Imejaa ila haijakataliwa. Kwa makundi tisa sijui utaandika kwa herufi za ukubwa gani.

---

Chaki_Vumbi

Usiandike makundi, andika kazi. Chora kajedwali ka mtaa mmoja, zamu tatu kwa kazi tatu, halafu mstari mmoja chini "mitaa yote mitatu inafuata mpangilio huu, leo mwalimu yupo mtaa wa katikati". Bandika na ukutani karibu na mlango ili anayeingia akikuta umekaa kwenye kigoda aone kwanza karatasi. Mimi mmoja aliwahi kuniandika "mwalimu alikuwa amekaa".

---

Mgebuka_Mkavu

Mwalimu Mawese, hayo maboksi ya viatu unayatoa wapi tisa yote? Nina darasa la kiswahili kidato cha kwanza hapa wako 70, nataka nijaribu fasihi simulizi wakati nasubiri wa kubadilishana naye.

---

Mawese_Mabichi

Maduka ya viatu vya mitumba hawana, usipoteze nauli. Nenda duka la dawa, wanatupa maboksi magumu kila siku. Mimi ya kwangu sita ni ya duka la dawa, mawili ya sabuni, moja la chupa za juisi ambalo panya wameshaanza kulila pembeni.